Kava ya Umbali wa Mita 11

Mwenye jumba la maonyesho la Imperial, pale New York, aliombwa jambo la ajabu na kijana wa miaka ishirini na kidogo: ayabadilishe maandishi ya taa yaliyo juu ya mlango wake kwa muda wa saa moja hivi, yapigwe picha, kisha ayarudishe kama yalivyokuwa. Akakubali. Herufi zikapandishwa, zikasomeka kwamba ndani kuna nyimbo motomoto za watunzi Rodgers na Hart. Picha ile ikawa kava ya kwanza ya Alex Steinweiss, na kwa masimulizi ya wengi ndiyo mwanzo wa kava ya santuri kama tunavyoijua.

Steinweiss aliajiriwa na kampuni ya Columbia mwaka 1939. Wakati ule "albamu" ilikuwa albamu kwelikweli, kitabu chenye mifuko ya karatasi ndani na santuri kadhaa za mizunguko 78, kila upande dakika tatu nne tu. Nje palikuwa na karatasi ya kahawia au ya kijivu na jina limepigwa chapa mgongoni. Wauzaji wenyewe walikuwa wakiziita mawe ya makaburi. Kijana huyu aliwaambia wakubwa wake kwamba muziki mzuri unauzwa kwa sura ya msiba, akaomba ajaribu kuweka picha. Walisita kwa sababu ya gharama za uchapaji, lakini wakamruhusu.

Kinachonivutia kwa Steinweiss ni mahali alikotokea. Kabla ya Columbia alikuwa msaidizi wa Joseph Binder, mchoraji wa mabango kutoka Vienna. Bango haliwekwi mkononi. Linabandikwa ukutani, na anayelitazama yuko upande wa pili wa barabara, anakimbilia treni na ana mambo yake. Mchora mabango hujifunza mapema kwamba vitu vidogo havifiki ng'ambo. Steinweiss alichukua adabu hiyo ya ukutani akaiweka kwenye kitu cha kushika mkononi: rangi bapa, umbo moja au mawili, herufi chache. Wateja hawakulazimika kusogea karibu. Kava ilikuwa inawaita tangu mlangoni.

Hapo naomba tupige hesabu moja ndogo, maana ndiyo itakayotufikisha kwenye simu. Mwaka 1948 Columbia ilitoa santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi, na Steinweiss huyohuyo akaibunia ganda la kadi nyembamba, kwa kuwa karatasi nzito ya zamani ilikuwa ikiikwaruza. Ganda lile lina upande wa sentimita 31 hivi. Sasa chukua simu yako, fungua orodha ya nyimbo, tazama kijipicha kilicho kando ya jina la wimbo. Kina sentimita moja, na umekishika sentimita 35 kutoka machoni. Ili ganda la santuri lionekane dogo kiasi kile kile, inabidi liwekwe mbali kwa sentimita 31 mara 35, yaani karibu mita 11. Kijipicha, basi, ni ganda la santuri lililotundikwa kwenye duka la ng'ambo ya barabara. Binder angelielewa tatizo letu bila kuona simu.

Katika pwani yetu, kwa miaka mingi, jambo hili halikuwapo kabisa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, nyimbo zake zilitoka katika santuri moja moja, na santuri za namna hiyo ziliwekwa kwenye mifuko ya karatasi yenye tundu katikati, ili mnunuzi asome kibandiko. Juu ya kibandiko palikuwa na yule mbwa anayesikiliza sauti ya bwana wake. Picha ilikuwa ya kampuni, si ya mwimbaji. Lakini tusimdharau mbwa yule. Alichorwa ndani ya nafasi ndogo kuliko kiganja, pembeni ya bomba la gramafoni, na asiyejua kusoma alimtambua kwa mara moja.

Mtu aliyeifikisha kazi ya Steinweiss mbali zaidi, kwa maoni yangu, ni Reid Miles. Alifanya kazi na kampuni ya jazi ya Blue Note kuanzia mwaka 1956 hadi 1967, akatengeneza kava zinazokaribia 500. Picha zilikuwa za Francis Wolff, mmoja wa wenye kampuni, ambaye alikuwa akipiga wanamuziki wakiwa studio. Bajeti ilikuwa finyu, hivyo kava nyingi zilichapwa kwa wino mweusi na rangi moja ya ziada. Miles alizikata picha za Wolff bila huruma, akabakisha jicho, mkono au kipande cha saksafoni, kisha sehemu iliyobaki akaiachia herufi na uwazi.

Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni kwamba Miles hakuwa mpenzi wa jazi. Alipenda muziki wa kiklasiki, na santuri za bure alizopewa alikuwa akizigawa au kuzibadilisha kwa nyingine. Alijuaje basi hali ya kila albamu? Alfred Lion, mwenzake Wolff, alikuwa akimweleza kwa maneno: hii ni ya namna gani, ina mwendo gani, waliocheza ni akina nani. Miles alichora kutokana na maelezo. Kwa lugha ya leo tungesema Lion alikuwa akiandika agizo, na anayelitekeleza hakuwa ameusikia wimbo.

Tazama kilichotokea kwenye Hub-Tones ya mpiga tarumbeta Freddie Hubbard. Hakuna tarumbeta kubwa kavani. Kuna mihimili myeusi iliyosimama wima kwenye uwanja mweupe, na mmoja wenye rangi umeshuka chini kuliko wenzake, kama kitufe cha tarumbeta kilichobonyezwa. Basi. Anayeona anasikia sauti ikikatika ghafla. Hali ya muziki imebebwa na mahali umbo lilipo na jinsi lilivyokaa, wala haikuhitaji taa za klabu, moshi wa sigara na mwanamume aliyefumba macho. Ipunguze hadi ukubwa wa ukucha, bado ule mhimili umeshuka.

Si kila kava nzuri inavuka mtihani huo, wala si kosa lake. Lemi Ghariokwu wa Lagos, aliyemchorea Fela Kuti kava 26, alikuwa akichora za kusomwa. Kwenye Beasts of No Nation kuna Reagan, Thatcher na Botha wameota pembe. Wimbo wa Fela ulijaza upande mzima wa santuri, na msikilizaji aliketi na ganda mapajani akilipekua kama gazeti. Kava ile ilikuwa na dakika kumi na tano za kutazamwa. Kijipicha cha leo kina muda wa kidole kupita.

Halafu kava zikaanza kupungua ukubwa. Kaseti ilitupa karatasi ya mbele ya sentimita 6 na nusu kwa 10, na sisi tuliokulia kwenye kaseti za taarabu tunakumbuka jinsi karatasi ile ilivyobebeshwa: sura za waimbaji wote zimepangwa kama picha za pasipoti, jina la kikundi, jina la mwenye duka, nyimbo zote, maua pembeni. Ilikuwa ni hati ya kuthibitisha kwamba fulani yumo. Siidhihaki; muuzaji aliulizwa hivyo hivyo kila siku, "fulani yumo?" Mwaka 1982 ikaja sidii, sentimita 12. Mwaka 2003 Apple wakafungua duka la iTunes, picha ikawa ya kwenye skrini. Spotify walipoingia sokoni mwaka 2008 wimbo ulikuwa umeshakuwa mstari ndani ya orodha ndefu, na kando ya mstari kuna mraba. Ukubwa mdogo kabisa wa kava wanaoutoa wenyewe ni pikseli 64 kwa 64.

Wasambazaji wa muziki mtandaoni, hata hivyo, humtaka msanii awape picha ya pikseli 3000 kwa 3000. Ukigawa 3000 kwa 64 unapata karibu 47. Maana yake ni kwamba mstari wowote mwembamba kuliko pikseli 47 kwenye picha uliyoitengeneza hautapata hata pikseli moja kamili kwenye orodha. Hautatoweka, utachanganyika na jirani zake ukawa kivuli cha kijivu, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu kijivu hicho huchafua umbo lililo karibu.

Kava ya Unknown Pleasures ya Joy Division, ya mwaka 1979, inaonyesha jambo hilo vizuri. Ni mchoro wa mapigo ya redio ya nyota, uliotoka kwenye ensaiklopidia ya astronomia, una mistari 80 iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Mbunifu Peter Saville aliugeuza rangi: ulikuwa mweusi juu ya nyeupe, akaufanya mweupe juu ya nyeusi, akauweka katikati bila jina la bendi wala la albamu. Mistari 80 haiwezi kukaa ndani ya mraba wa pikseli 64. Inaungana. Lakini kinachobaki ni kilima cheupe chenye vilele, kimezungukwa na giza, nacho kinatosha. Saville aliokolewa na ule weusi aliokataa kuujaza.

Na kujaza ndiyo tabia ya mchoraji wetu mpya. Zana za akili mnemba za kuchora, Midjourney na Stable Diffusion, ziliwafikia watu wengi katikati ya mwaka 2022, na tangu hapo msanii asiye na fedha ya mchoraji anaweza kukaa mahali pa Alfred Lion, akaeleza kwa maneno, akaletewa picha. Zana hizi zimejifunza kutokana na mamilioni ya picha zenye maelezo. Ukiipa mojawapo jina la aina ya muziki, inakupa wastani wa kila kilichowahi kuandikiwa jina hilo. Ukiiachia nafasi wazi, inaiona kama kazi isiyokwisha, inakuwekea mawingu, cheche, vumbi linalong'aa.

Mwaka jana kijana wa Tanga, mtoto wa jirani yetu wa zamani, alinijia na wimbo wa taarabu ya kisasa. Wimbo wenyewe wa mafumbo: mwanamke anamsema mwenzake bila kumtaja. "Shangazi, kava imegoma," akaniambia. "Ukubwani nzuri, kwenye simu kama doa." Alikuwa ameandika agizo la kawaida, "kava ya taarabu, ya kuvutia sana, Zanzibar, mapenzi, ubora wa juu". Akaletewa mwanamke mwenye shela, nyuma yake majumba ya kuba, jangwa, na ngamia wawili. Ngamia Zanzibar! Akaandika tena akiongeza "bila ngamia". Wakaja watatu. Hilo ni jambo la kawaida kwa zana nyingi za namna hii: neno ukishalitaja limeingia chunguni, na "bila" haina nguvu ya kulitoa. Ndiyo maana baadhi yake zina kisanduku cha pembeni cha kuandika usivyovitaka.

Tukaanza upya, kwa kufuta maneno yasiyochoreka. "Kuvutia" haichoreki. "Mapenzi" haichoreki, ila itakuletea mioyo. Hata "taarabu" tukaiondoa. Nikamwuliza kitu ambacho Lion angemweleza Miles: huu wimbo umekaaje? Akafikiri, akasema, "Kama mtu aliyekupa mgongo lakini anakusikiliza." Nikamwambia hapo tuna kava. Kwetu maneno ya mgongoni yana nguo yake. Kanga ni chapa iliyobuniwa kuonekana kutoka mbali, tena kwa mtu anayeondoka: ina pindo la kuizunguka, ina mji katikati, ina jina lake. Na kati ya maua ya kanga hakuna la zamani tulilolizoea kuliko korosho, lile tone lililopinda shingo. Tone lililopinda shingo ndiye yule mwanamke.

Agizo la pili lilikuwa hivi: "Korosho moja kubwa kama ya kwenye kanga, rangi ya damu ya mzee, juu ya nyeusi tupu." Tukaletewa korosho. Ya kuliwa, imekaangwa, ina chumvi. Tulicheka sana, ila zana haikukosea, imefuata neno. Jina la ua la kanga analijua aliyevaa kanga. Kwa asiyejua inabidi usimulie umbo lenyewe.

Jaribio la tatu likaandikwa hivi: "Umbo moja la tone la maji, ncha yake ya juu imepinda kushoto kama shingo iliyogeuka, kingo kali kama zilizokatwa kwa mkasi, rangi moja bapa ya damu ya mzee, linachukua theluthi mbili za urefu wa mraba, limesogea kidogo kulia. Nyuma ni nyeusi moja bapa. Chapa ya kitambaa, rangi mbili tu." Umbo likaja sawasawa. Kwenye kompyuta lilikuwa la kupendeza mno, zito, la kimya.

Kisha tukalipitisha kwenye majaribio yangu mawili, ambayo hayana gharama. La kwanza ni kuipunguza picha hadi pikseli 64 na kuiweka katikati ya orodha ya nyimbo za watu wengine, kwa kuwa peke yake kila picha inang'aa. La pili ni kuiondoa rangi, ibaki nyeusi na nyeupe. Hapo kava yetu ikafa. Damu ya mzee na nyeusi ni rangi mbili tofauti, lakini kwa mwanga ni ndugu wa tumbo moja: zote giza. Jicho, kitu kikiwa kidogo, hutenganisha maumbo kwa mwanga kwanza, rangi baadaye. Mtu mwenye simu aliyoipunguza mwanga ili ahifadhi betri, juani, ndani ya daladala, angeona mraba mweusi.

Tukageuza kama Saville, ila kwa upande wa pili: nyuma iwe rangi ya maziwa ya mgando, umbo libaki damu ya mzee. Kwenye kijivu tofauti ikasimama wazi. Ila likazuka la mwisho. Kuna simu zilizowekwa skrini nyeupe, na juu ya nyeupe kingo za mraba wetu zikayeyuka. Umbo likawa linaelea bila nyumba. Mimi nikawa natafuta ufundi wa kitaalamu. Kijana akasema, "Si tuiwekee pindo?" Pindo jeusi la pikseli 250 kuzunguka pande zote, ambalo kwenye kijipicha linabaki pikseli tano na kitu. Hatukuiomba zana ilichore, maana ingelipotosha. Tuliliweka wenyewe kwa programu ya kawaida ya kuhariri picha. Likashika mraba kwenye skrini nyeupe, na kwenye skrini nyeusi likajificha likaacha ule uwanja wa maziwa ung'ae.

Herufi nazo hatukuiachia zana, kwa sababu zana nyingi zilikuwa bado zinaboronga tahajia, ya Kiswahili hasa. Kijana alitaka jina lake liwe chini, kwa mwandiko wa kujikunja. Ili herufi isomeke kwenye orodha inahitaji kimo cha pikseli nane hivi, na nane mara 47 ni karibu 375, yaani moja ya nane ya kava nzima. Jina lake lina herufi 14. Halikuenea. Tulijaribu jina la wimbo peke yake, likaenea, lakini likawa linagombana na shingo ya tone. Nikamwonyesha kwamba kwenye orodha jina lake na la wimbo yanaandikwa na programu yenyewe, pembeni ya mraba, kwa herufi safi. Akakubali shingo upande. Siku mbili baadaye akanipigia: mama yake ameiona kava, ameuliza mbona sura ya mwanawe haimo.

Tukafanya maafikiano. Picha yake imo kwenye bango la onyesho, lile la kubandikwa Ngamiani pale Tanga, la karatasi kubwa. Kwenye bango hilo tone limewekwa pembeni, dogo, kama muhuri.